Simu Iliyolala Dukani: Ilani ya Fundi kwa Wateja

Ilani ya duka la kutengeneza simu huwa karatasi moja iliyobandikwa nyuma ya kaunta, na kwa kawaida hugusa mambo matatu: bei mpya, waranti ya kazi iliyofanywa, na simu ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Mengi ya maneno yake hutokana na ugomvi uliokwisha kutokea. Ndiyo maana nyingine husomeka kama makaripio, zimejaa herufi kubwa na alama za mshangao. Lakini ilani ni masharti ya mapatano baina ya fundi na mteja, na nguvu yake inategemea jambo moja: mteja aliyajua masharti hayo kabla ya kuikabidhi simu au aliyajua baadaye?

Nchini Kenya, ambako sheria ya mikataba imejengwa juu ya sheria ya Uingereza, mfano unaotajwa sana ni kesi ya mwaka 1949 ya Olley dhidi ya hoteli ya Marlborough Court ya London. Vitu vya mgeni viliibwa chumbani, hoteli ikajitetea kwa ilani iliyokuwa ukutani mwa chumba. Mahakama iliikataa ilani hiyo, kwa kuwa mkataba ulikuwa umefungwa chini mapokezini, kabla mgeni hajapanda na kuisoma. Kwa fundi wa simu, somo ni kwamba sharti lililobandikwa kwenye meza ya kazi ndani, au lililoandikwa kwenye risiti inayotolewa siku ya kuchukua simu, limechelewa. Mahali pake ni kwenye kaunta na kwenye risiti ya kupokelea, ile ambayo mteja hupewa anapoiacha simu.

Sehemu ya bei ndiyo husomwa kwanza, nayo inaeleweka zaidi ikitenganisha spea na ufundi. Spea nyingi hutoka Uchina, hasa masoko ya Shenzhen, na hulipiwa kwa dola, hivyo bei yake hupanda na kushuka kufuata shilingi. Ada ya ufundi haibadiliki haraka hivyo. Mteja akiona mstari mmoja tu, “skrini 5,500”, hudhani fundi ameongeza faida. Akiona skrini 4,300 na ufundi 1,200, anajua kilichopanda ni kipi. Ilani iseme pia bei mpya zinaanza lini, na kwamba simu zilizopokelewa kabla ya siku hiyo zitatozwa bei iliyokubaliwa.

Skrini ndiyo inayozua maswali mengi, kwa sababu neno hilo hubeba vitu kadhaa. Kioo cha juu, tabaka linalohisi kidole na tabaka linalotoa picha vimegandishwa pamoja. Kioo cha juu peke yake kikipasuka na picha ikabaki safi, kinaweza kutenganishwa kwa mashine na kubandikwa kingine, lakini kazi hiyo ni ya hatari na baadhi ya mafundi hawaifanyi kabisa. Wengi hubadilisha skrini nzima. Hapo tena kuna daraja. Ipo skrini halisi, mara nyingi iliyong’olewa kwenye simu nyingine, ipo nakala ya aina ya OLED, na ipo nakala ya LCD, ambayo ni rahisi kuliko zote. Simu iliyotoka kiwandani na OLED ikiwekwa LCD hufanya kazi, ila weusi wake huonekana wa kijivu gizani, na alama ya kidole inayosomwa chini ya kioo kwa kawaida haisomeki tena. Kwenye baadhi ya aifoni, spea isiyo ya kampuni hujitangaza yenyewe: ukifungua Settings, kisha General, kisha About, unakuta maneno “Unknown Part”. Kwa hiyo bei isiyotaja daraja la skrini haimwambii mteja ananunua nini, na fundi asiyeitaja anajitafutia shari.

Ada ya uchunguzi pia iandikwe, ikiwa ipo. Fundi anayeifungua simu, akapima bodi kwa saa nzima na kugundua kwamba haitengenezeki, amefanya kazi. Lakini kama ada hiyo haikutajwa mwanzo, hana msingi wa kuidai mwisho.

Waranti hufuata kazi iliyofanywa, haifuati simu nzima. Aliyebadilishiwa betri hawezi kurudi na spika mbovu akadai atengenezewe bure, ingawa wengi hudai, kwa hoja kwamba “simu ilikuwa nzima kabla hujaifungua”. Dawa ya hoja hiyo ni kuijaribu simu mbele ya mteja inapopokelewa, ikiwa inawaka: kamera, spika, maikrofoni, chaji, na kuandika kisichofanya kazi. Isiyowaka iandikwe hivyo hivyo, kwamba haikujaribiwa.

Tuseme duka linatoa siku 90 kwa skrini. Mteja anarudi baada ya wiki 3. Ikiwa kuna mstari wa rangi kutoka juu hadi chini, au kioo kinajibonyeza chenyewe, na hakuna ufa wala kona iliyobonyea, kosa huenda ni la spea au la ufungaji, na duka hubadilisha. Ikiwa kuna doa jeusi lililoanzia mahali pamoja na kusambaa kama wino, skrini ya OLED imegongwa au imekaliwa, hata kama kioo cha juu hakikupasuka. Doa hilo halitokei lenyewe. Ilani ikilitaja kwa maneno hayo hayo, mabishano hupungua sana.

Simu iliyoingia maji hutengwa peke yake. Maji yakiisha kukauka, chumvi na uchafu wake hubaki chini ya vifuniko vya chuma vya bodi na kuendelea kula shaba. Simu inaweza kusafishwa leo, ikawaka vizuri, kisha ikafa baada ya wiki 2 bila kosa la mtu. Ndiyo sababu maduka mengi hayatoi waranti kwa kazi hiyo. Simu nyingi zina kibandiko kidogo cheupe ndani, pengine kwenye tundu la laini, kinachogeuka chekundu kikiguswa na maji. Fundi mwangalifu humwonyesha mteja kibandiko hicho kabla ya kuanza. Jambo linalosahaulika ni hili: simu iliyouzwa kuwa inastahimili maji huenda isistahimili tena baada ya kufunguliwa, kwa kuwa gundi ya kiwandani imekatwa. Ilani iseme hivyo waziwazi.

Droo ya simu zisizochukuliwa ndiyo sehemu ngumu. Zimo za watu waliokosa pesa za kumalizia, waliokwisha kununua nyingine, na waliopigiwa wasipatikane. Hawa wa mwisho ni wengi kwa sababu ya kuchekesha kidogo: namba waliyoiacha ni ya laini iliyokuwa ndani ya simu hiyo hiyo mbovu. Risiti ya kupokelea iwe na namba ya pili, ya jamaa au ya kazini, na iwe na IMEI, tarakimu 15 zinazotokea kwa kubonyeza:

```
*#06#
```

Kisheria, fundi aliyeitengeneza simu ana haki ya kuizuia mpaka alipwe kazi yake. Haki hiyo ina mipaka inayosahaulika. Kuzuia si kumiliki. Deni likikaa mwaka mzima, simu bado ni ya mteja. Simu ambayo haikutengenezeka, na hakuna ada ya uchunguzi iliyokubaliwa, haiwezi kuzuiwa kwa deni lisilokuwepo. Na ada ya kuhifadhi haijumuishwi katika haki hiyo isipokuwa ilikubaliwa tangu mwanzo, maana anayeizuia simu ili alipwe anaihifadhi kwa faida yake mwenyewe.

Kwa hiyo maneno yanayoonekana kila mahali, “simu isiyochukuliwa ndani ya siku 30 itakuwa mali ya duka”, ni dhaifu kuliko yanavyosikika. Kenya ina sheria mahususi kuhusu uuzaji wa mali isiyochukuliwa, Sura ya 38. Ilani zake huonekana katika Gazeti Rasmi la Serikali, nyingi zikihusu magari yaliyoachwa gereji: mwenye mali hupewa siku 30 alipe na kuchukua, la sivyo mali itauzwa. Njia ni ilani kwanza, kisha mauzo. Siyo kimya, kisha umiliki.

Chukua mfano. Simu inapokelewa tarehe 3 Machi. Skrini na ufundi ni shilingi 5,500, mteja anatanguliza 2,000. Inakuwa tayari tarehe 5, duka linatuma ujumbe na kupiga namba zote mbili, na kuandika saa ya kila simu. Masharti yaliyokubaliwa ni kuhifadhi bure kwa siku 30, kisha shilingi 20 kwa siku, isizidi 1,000. Kiwango hicho cha juu kinafikiwa mwezi Mei. Mwanzoni mwa Juni duka linatoa ilani ya siku 30 ya kuuza, na mteja hajitokezi. Mwezi Julai simu inauzwa 8,000. Duka linakata baki ya 3,500, hifadhi 1,000 na gharama ya ilani, tuseme 500. Zinabaki 3,000, nazo ni za mteja. Huandikwa kwenye daftari jina lake likiwa mbele yake, na akija Septemba hulipwa.

Simu yenyewe nayo hudhoofika ikilala. Betri iliyoachwa tupu kwa miezi huendelea kushuka mpaka saketi yake ya kinga inaikata, na simu iliyotengenezwa vizuri hukataa kuwaka mbele ya mwenyewe, anayeamini kwamba amedanganywa. Duka linalojali huzichaji simu za droo hadi nusu kila baada ya muda na kuzizima. Iliyovimba betri haichajiwi. Hutolewa betri na kuandikwa.

Halafu kuna kilichomo ndani ya simu. Laini hutolewa na kurudishiwa mteja siku ya kupokea, kwa kuwa ndiyo yenye M-Pesa. Neno la siri huombwa pale tu kazi inapolihitaji. Baadhi ya simu za Samsung na Pixel zina hali ya matengenezo inayoficha picha na ujumbe, na fundi akiijua humwashia mteja badala ya kumwomba neno hilo. Ikifika siku ya kuuza, picha, ujumbe na namba za watu ni data binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na duka halina ruhusa ya kumpa mnunuzi pamoja na simu. Kufuta kila kitu kunatosha kwa data, lakini hakufungui simu: ya Android iliyofutwa bila mwenyewe kuondoa akaunti yake hudai akaunti ile ile inapowashwa upya, na aifoni hufanya vivyo hivyo. Simu ya namna hiyo huuzwa kwa thamani ya skrini, kamera na bodi yake, na ilani ya kuuza hueleza hivyo ili mteja asije baadaye kudai bei ya simu nzima.