Mstari wa misumari si njia: Usalama wa mafundi wa paa (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulizungumzia ukingo wa paa, mahali ambapo kila mtu anaiona hatari kwa macho yake. Tulisema kinga ya ukingo ni reli iliyosimamishwa kwenye jukwaa linalozunguka jengo, na tukatoa mfano wa kanuni za Uingereza za mwaka 2005, ambazo zinataka reli ya juu isipungue sentimita 95 na nafasi kati ya reli isizidi sentimita 47. Mirunda ya mikaratusi iliyofungwa vizuri inaweza kutimiza vipimo hivyo hata hapa Kituntu. Lakini reli humlinda fundi asianguke nje tu. Leo hoja yangu ni kwamba kwenye maghala yetu ya kahawa, shule na nyumba za ibada, hatari inayostahili kuogopwa zaidi iko katikati ya paa, chini ya nyayo za fundi, na kwamba ujuzi ambao mafundi wetu wanautegemea kuikwepa hautoshi. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 167 wa mwaka 1988, unaohusu usalama katika ujenzi, unalitambua jambo hili: kifungu cha 18 kinazungumzia kuanguka kutoka juu, kisha kikatenga aya nzima kwa ajili ya paa zilizoezekwa kwa vitu dhaifu ambavyo mtu anaweza kuvipasua na kutumbukia.

Tuchukue ghala la mfano. Lina kuta za tofali na kenchi za mbao, na juu ya kenchi zimepigiliwa papi, yaani zile mbao nyembamba zinazobeba bati. Umbali kutoka kwenye bati hadi sakafuni ni mita 4. Kati ya mabati ya chuma yapo machache ya plastiki ya kupitisha mwanga, ili wapimaji waione kahawa bila taa. Bati la plastiki likiwa jipya humeta, na fundi hulitambua akiwa chini. Baada ya miaka ya jua kali hugeuka njano, kisha kijivu. Vumbi la maganda ya kahawa hulifunika kwa ndani, ukungu hulifunika kwa nje, na pengine mwenye ghala huamua kulipaka rangi ileile ya paa zima. Jua hilohilo lililolibadilisha rangi limekwisha kulifanya liwe kavu kama ganda la yai. Mabati ya zamani ya saruji na asbesto yana tabia kama hiyo: yanaonekana manene na magumu kuliko ya chuma, lakini hayapindi kwanza ili kumwonya aliye juu. Huvunjika ghafla, na yakivunjika hutoa vumbi lenye madhara kwa mapafu. Bati la chuma nalo si salama kwa jina tu, kwa sababu kutu huanzia pale mabati mawili yanapolaliana na maji kukaa, mahali pasipoonekana kutoka juu.

Fundi mzoefu atanijibu kwamba haya yote anayajua, na kwamba yeye hakanyagi katikati ya bati. Hufuata mstari wa misumari, maana penye msumari pana papi chini yake. Jibu hili lina ukweli, ndiyo maana limewadanganya wengi. Papi ya inchi 2 ina upana wa sentimita 5, pungufu ya upana wa unyayo. Kumwambia mtu atembee juu yake kwenye mteremko, akiwa amebeba bati ambalo upepo unalivuta, ni kumwambia atembee juu ya kamba. Asubuhi kwenye miinuko ya Karagwe bati huwa na umande. Akiteleza, mguu unaotafuta mahali pa kutua hautafuti msumari, unatua popote. Tena msumari unaeleza papi ilikuwa wapi siku ya kuezeka, hauelezi kama mchwa wameiacha. Na paa linalopandiwa kwa matengenezo ni lile linalovuja, ambalo papi zake zimelowa muda mrefu kuliko zote. Anguko la mita 4 huchukua chini ya sekunde 1, na mwili hufika sakafuni kwa mwendo wa kama kilomita 32 kwa saa.

Wengine husema dawa ni mkanda wa usalama. Tupige hesabu. Kamba ya kawaida ya mkanda huo ina urefu wa mita 2. Sehemu yake ya kupunguza mshtuko huweza kufunguka hadi mita 1.75 zaidi. Kutoka mkanda unaposhikilia mgongoni hadi kwenye nyayo ni kama mita 1.5, na inafaa ibaki mita 1 ya akiba. Jumla ni mita 6.25 chini ya mahali kamba ilipofungwa. Ikiwa imefungwa usawa wa miguu kwenye ghala la mita 4, fundi atapiga sakafu kabla kamba haijamaliza kazi yake. Na mara nyingi huifunga wapi? Kwenye papi ileile iliyooza. Mkanda ni mzuri pale kamba inapokuwa fupi kiasi kwamba haimfikishi mtu kwenye hatari, lakini paa likiwa dhaifu lote, hakuna mahali pa kusimama nje ya hatari.

Kwa hiyo utaratibu unaofaa huanza kwa kulihesabu kila paa kuwa dhaifu mpaka mtu mwenye ujuzi alichunguze kutoka ndani, papi kwa papi, na kuweka alama mahali pa mabati ya mwanga. Kisha aulize kama kazi inaweza kufanywa kutoka chini. Kubadilisha mabati 3 ya mwanga kunawezekana kwa jukwaa imara lililosimamishwa ndani ya ghala: bati la zamani linafunguliwa na jipya linafungwa bila mtu kulikanyaga paa. Mashine yenye kikapu cha kuinulia watu ni bora zaidi pale ardhi ilipo ngumu na tambarare, ila kwenye udongo uliolowa au mteremko wa shamba la migomba inaweza kupinduka, na kinga inageuka kuwa ajali mpya. Kwenye kikapu cha mkono mrefu, fundi afungwe kwa kamba fupi kwenye kikapu chenyewe, kwa sababu gurudumu likiingia shimoni mkono ule humrusha kama manati.

Ikilazimu kupanda, uzito usambazwe. Mbao pana za kutembelea, za sentimita 60, zilazwe zikivuka papi zisizopungua 3 na kufungwa zisiteleze. Ziwe angalau mbili, moja ya kusimamia wakati nyingine inasogezwa, vinginevyo fundi atashuka juu ya bati ili kuihamisha ile aliyokuwa amesimama. Mabati ya mwanga yaliyo jirani yafunikwe kwa mbao zilizofungwa, na chini ya eneo la kazi asipite mtu wala kahawa isipimwe. Anayefikiria kutandaza wavu wa samaki chini ya papi aachane na wazo hilo: haukutengenezwa kupokea mwili unaoanguka, na hakuna anayejua utakatika kwa uzito gani.

Pingamizi la mwisho ni gharama: kazi ni ya nusu saa, jukwaa ni la nusu siku. Ni kweli. Lakini bati halijui kazi itachukua muda gani, na hatua ya kwanza juu ya plastiki iliyokauka inatosha. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi namba 5 ya mwaka 2003 imeuweka wajibu wa usalama kwa mwajiri. Haukuachwa kwenye ushujaa wa fundi.

Limebaki suala la uokoaji, ambalo huachwa mpaka mtu ananing'inia. Aliyeanguka na kushikwa na mkanda bado yuko hatarini. Akining'inia bila kusogea, damu hubaki miguuni na anaweza kuzimia ndani ya dakika chache. Gari la wagonjwa haliwezi kuzipanda barabara za vilima vyetu kwa muda huo. Kwa hiyo kabla ya mtu kupanda, ngazi inayofika iwe imesimama tayari, watu wawili walio chini wajue nani ataishika na nani atapanda, na kamba ya kumshushia iwepo. Anayesubiri aendelee kuchezesha miguu. Akishushwa, alazwe chali ikiwa hana jeraha linalokataza. Ule ushauri wa zamani wa kumkalisha kwanza ulichunguzwa na kuachwa. Na aliyetumbukia hadi sakafuni asibebwe mikono na miguu kama gunia, kwani uti wa mgongo uliovunjika unaweza kuharibiwa zaidi na wanaomsaidia.

Viongozi wa vyama vya msingi na kamati za shule katika Karagwe na Kyerwa, kabla hamjampandisha fundi juu, ingieni kwanza ndani ya jengo mtazame juu. Kama hamwezi kusema ni bati lipi la plastiki na papi ipi imeliwa, paa hilo halijawa tayari kupandwa.

Itaendelea toleo lijalo.