Kibonyezo kimoja cheusi, njia mbili

Anayeanza kujifunza kinanda hukutana mapema na kodi hizi nne:

```
C | G | Am | F
```

Zimebeba nyimbo za pop zisizohesabika na hazichoshi vidole. Zote hupigwa kwa vibonyezo vyeupe vitupu, ndiyo maana mzunguko ukirudiwa mara nyingi msikilizaji hujua kinachofuata kabla hakijapigwa. Kuna dawa mbili za zamani, dominanti ya pili na kodi ya kuazima, na katika ki ya C zote mbili zinapatikana kwenye kibonyezo kimoja cheusi: kile kilicho kati ya G na A.

Dominanti ni kodi inayojengwa juu ya noti ya tano ya skeli. Katika ki ya C ni G, na hamu yake kubwa ni kurudi C, kwa sababu ndani yake mna noti B, iliyo nusu toni tu chini ya C. Sikio huona B inataka kupanda. Mvuto huo huo unaweza kutengenezewa kodi nyingine yoyote. Tuseme mpigaji anataka Am ifike kwa kishindo zaidi. Ahesabu tano kuanzia A: A, B, C, D, E. Kodi ya kawaida ya ki ya C juu ya E ni E maina, nayo ina G, iliyo mbali na A kwa toni nzima. Akiipandisha G hiyo iwe G shapu na kuongeza D, anapata E7, na sasa A iko nusu toni tu mbele. Waimbaji wa kwaya wanaosoma solfa wanaifahamu noti hiyo kwa jina la “se”, na wanajua jinsi inavyowasukuma kwenda “la”.

Kodi ya kuazima ina mantiki nyingine. Wimbo uko C meja, lakini unachukua kodi kutoka C maina kwa muda mfupi, kisha unarudi kwao. Inayoazimwa sana ni F maina. F meja ina noti F, A na C. A ikishushwa nusu toni kuwa A flati, kodi inageuka maina na wimbo unaingiwa na simanzi ya ghafla. Hiyo A flati ndiyo ile G shapu ya E7, kibonyezo kile kile, ila sasa inashuka kwenda G.

Zikiunganishwa, mzunguko unakuwa hivi, kila sehemu ikiwa na mapigo manne na kodi mbili zikigawana mapigo mawili mawili:

```
C | G E7 | Am | F Fm
```

Ukirudi mwanzo, fuata noti moja tu ya ndani: G, G, G shapu, A, A, A flati, G. Sauti hiyo inapanda kilima kidogo na kuteremka. Mpiga kinanda akiiweka juu kabisa ya mkono wa kulia, hata asiyejua muziki ataisikia.

Wimbo “Creep” wa Radiohead, uliotoka 1992, umesimama juu ya mstari kama huo. Kodi zake ni G, B, C na C maina, mwanzo hadi mwisho. B meja inatarajiwa kwenda E maina, lakini inakwenda C. Sikio linaridhika kwa sababu noti E, iliyokuwa ikingojewa, imo pia ndani ya C. Mpangilio huo ulisikika kabla yake katika “The Air That I Breathe” ya Albert Hammond na Mike Hazlewood, na wawili hao wametajwa miongoni mwa watunzi wa “Creep”. Beatles nao, katika “In My Life” ya 1965, walipiga A7 kuivuta D, kisha wakaigeuza D kuwa maina kabla ya kurudi A.

Tatizo kubwa ni sauti ya mwimbaji. Akishikilia G wakati kinanda kinapiga E7, G yake inagombana na G shapu. Akishikilia A juu ya F maina, ni ugomvi ule ule. Dalili yake ni rahisi: mwimbaji anaonekana ametoka nje ya ki ilhali anaimba sawasawa. Hapo ama melodi ibadilishwe, ama kodi iachwe. Mpiga besi naye aambiwe mapema, na kama kuna gitaa la pili, lisiendelee kupiga F meja.

Anayetaka kujaribu asiweke rangi hizi katika kila mzunguko, kwani zikizoeleka hazishtui tena. Apige beti kwa kodi nne za kawaida, aingize F maina mwisho wa kiitikio, na E7 aiache mpaka kiitikio cha mwisho.