Shilingi Inavyopungua Njiani Kwenda kwa Dalali
Mkenya anayetaka hisa za Marekani hukutwa na gharama kubwa kabla hajanunua hata moja, nayo haionekani kwenye risiti kwa kuwa imefichwa ndani ya bei ya dola. Tuseme kiwango cha Benki Kuu ya Kenya leo ni shilingi 130, ilhali benki yako inakuuzia kwa 134. Shilingi 134,000 zitakupa dola 1,000. Kwa kiwango kile ungepata takriban 1,031. Juu yake kuna ada ya kutuma, na benki nyingine iliyo njiani inaweza kukata, tuseme, dola 20. Dalali anapokea 980. Ada hizi za kutuma mara nyingi hazipungui hata kiasi kikiwa kidogo, ndiyo maana naona afadhali kutuma kwa mkupuo.

Kurudisha pesa kunachosha zaidi. Tangu Mei 2024, mauzo ya hisa Marekani hukamilika siku ya kazi inayofuata. Ndipo uhamisho uanze, na huo huweza kuchukua siku kadhaa. Jina la akaunti ya benki lisipolingana na lililo kwa dalali, ombi huweza kukataliwa. Benki nayo ikinunua dola kwa 126, dola 1,000 zinakuwa shilingi 126,000.