Waliofutwa Wanaporudi Kwenye Orodha

Katika programu nyingi za ofisi, kubonyeza kitufe cha Futa hakuondoi chochote. Hifadhidata huandika tarehe na saa kwenye safuwima moja ya jedwali, ambayo mara nyingi huitwa `deleted_at`, na rekodi hubaki palepale ilipokuwa. Safuwima hiyo ikiwa tupu, rekodi ni hai. Ikiwa na tarehe, imefutwa. Utaratibu huu wa kufuta kwa alama una sababu nzuri: aliyefuta kimakosa hurudishiwa rekodi yake, na kumbukumbu za malipo hazibaki bila jina la mlipaji. Lakini kufuta kwa namna hii hakuishi siku kitufe kilipobonyezwa. Kila mara orodha inaposomwa, programu lazima iongeze sharti la kuleta zile tu ambazo `deleted_at` yake ni tupu. Sehemu moja ikilisahau, waliofutwa hurudi katika sehemu hiyo peke yake, huku kwingine kote mambo yakionekana sawa.

Chukua mfano wa chama cha akiba na mikopo kilichosajili watu 421 tangu kianze. Tisa wamejitoa na karani amewafuta, hivyo waliobaki ni 412. Programu ya chama imejengwa kwa Laravel, zana maarufu ya kutengenezea programu za wavuti kwa lugha ya PHP. Jedwali la wanachama linapopewa uwezo wa kufuta kwa alama, Laravel huongeza sharti yenyewe kila data inapoombwa kupitia modeli ya Mwanachama. Mtengenezaji haandiki neno lolote kuhusu waliofutwa, na ukurasa wa wanachama unaonyesha watu 412 kama inavyotakiwa. Starehe hiyo ndiyo inayozaa tatizo, maana baada ya miezi michache hakuna anayekumbuka kwamba sharti lipo.

Kisha mweka hazina anaomba orodha ya watu ambao hawajatoa mchango wa mwezi, ili watumiwe ujumbe wa kuwakumbusha. Swali lenyewe lina ugumu kidogo, kwa hiyo mtengenezaji analiandika kwa mkono, bila kupitia modeli:

```sql
SELECT w.jina, w.simu
FROM wanachama w
LEFT JOIN michango m
  ON m.mwanachama_id = w.id
 AND m.mwezi = '2025-06'
WHERE m.id IS NULL;
```

Swali hili linawashika wanachama wote, linamtafutia kila mmoja mchango wake wa Juni, kisha linawabakiza wasio nao. Laravel haina nafasi ya kuongeza sharti lake hapa, kwa kuwa modeli haikuhusishwa. Na wale tisa waliojitoa hawachangii tena, kwa hiyo wanaingia wote, mwezi huu na kila mwezi ujao. Orodha za wanaodaiwa, za wasiohudhuria na za wasiojibu ndizo zinazofichua kosa hili mapema kuliko nyingine, kwa sababu zinatafuta watu wasiofanya jambo fulani, na aliyeondoka hafanyi lolote. Anayeumia ni mtu aliyeaga chama kwa amani, akalipwa akiba yake, kisha anaanza kupokea madai kwenye simu.

Tiba ni mstari mmoja, ila mahali unapowekwa pana uzito. Sharti la `w.deleted_at IS NULL` lazima likae kwenye sehemu ya `WHERE`. Likiwekwa kwenye `ON`, pamoja na sharti la mwezi, halimwondoi mtu yeyote. `LEFT JOIN` hubakiza mistari yote ya jedwali la kushoto hata pale sharti la kuunganisha linaposhindwa. Mwanachama aliyefutwa atakosa tu mchango wa kuunganishwa naye, na kwa kukosa huko ataendelea kuhesabiwa kuwa hajalipa. Anayesoma msimbo haraka ataona neno `deleted_at` na kuridhika kwamba kazi imefanyika.

Kuna mtego wa aina hiyohiyo kwenye kisanduku cha kutafuta kwa jina au namba ya simu:

```sql
WHERE deleted_at IS NULL
  AND jina LIKE '%Juma%'
   OR simu LIKE '%0712%'
```

Katika SQL, `AND` hufungamana kwanza kabla ya `OR`. Sharti la waliofutwa linashikamana na jina pekee, na kila mwenye 0712 katika namba yake anapita, awe hai au amefutwa. Mabano yanayozunguka jina na simu kwa pamoja yanamaliza tatizo. Bila mabano hayo, mtu aliyefutwa haonekani akitafutwa kwa jina lakini anaonekana akitafutwa kwa simu, na malalamiko ya namna hiyo huwachosha watu kwa sababu kila anayejaribu anapata jibu lake.

Njia ya haraka ya kutambua kosa ni kulinganisha hesabu. Kichwa cha ukurasa kikisema wanachama 421 na chini yake pakiwa na majina 412, tofauti ya tisa ni sawasawa na idadi ya rekodi zenye tarehe kwenye `deleted_at`, na hapo chanzo hakina shaka: swali la kuhesabu limesahau sharti ambalo swali la kuorodhesha linalo. Kwa njia nyingine, jaribio la uhakika ni kusajili mwanachama wa majaribio mwenye jina lisilofanana na lolote, kumfuta, kisha kupitia kila orodha, kisanduku cha kutafuta, faili la kupakua na foleni ya ujumbe, kuangalia kama jina hilo linajitokeza. Jaribio hilo likiandikwa lijiendeshe lenyewe kila programu inapobadilishwa, ripoti mpya iliyosahau sharti inakamatwa kabla haijamfikia mweka hazina.

Kinga iliyo imara zaidi ni kuliondoa sharti mikononi mwa waandishi wa maswali na kuliweka ndani ya hifadhidata:

```sql
CREATE VIEW wanachama_hai AS
SELECT * FROM wanachama
WHERE deleted_at IS NULL;
```

Ripoti zinasoma `wanachama_hai` badala ya jedwali. Katika PostgreSQL, akaunti inayotumiwa na ripoti inaweza kupewa ruhusa ya kusoma mwono huo peke yake na kunyimwa jedwali lenyewe. Anayesahau basi anapata ujumbe wa kukataliwa mara moja, wala si majina ya ziada ambayo hakuna atakayeyagundua. Tahadhari moja ipo: nyota katika `SELECT *` hutafsiriwa siku mwono unapoundwa, kwa hiyo safuwima itakayoongezwa baadaye kwenye jedwali haitaonekana mpaka mwono uundwe upya.

Hata hivyo, kuziba kila njia bila kuchagua kunaleta kosa la upande wa pili. Ripoti ya michango ya mwaka uliopita ikiunganishwa na `wanachama_hai`, fedha walizotoa wale tisa kabla ya kuondoka zinatoweka kwenye jumla, na vitabu havilingani tena na taarifa ya benki. Ripoti za historia zinapaswa kuwasoma waliofutwa, na ni vizuri zifanye hivyo waziwazi: Laravel ina amri ya `withTrashed()` kwa kazi hiyo, na katika hifadhidata inatosha ripoti hizo kupewa akaunti yake yenye ruhusa ya kusoma jedwali zima. Hapo anayepitia msimbo anatambua kwa kuona kama waliofutwa wameingizwa kwa kukusudia au wameponyoka.