Kipande Kimenenepa, Pesa Zimepungua

Tuchukue mfano wa mama anayeuza mchele, maharage na dagaa sokoni Mwanza. Mwishoni mwa Januari kijana wake, anayemwandikia daftari la mauzo, anachora chati duara mbili, ya Desemba na ya Januari, na kuzibandika ukutani dukani. Mama anazipiga picha kwa simu na kumtumia mpwa wake aliyesomea uhasibu. Anaandika: "Dagaa wamepanda. Kesho naenda Mwaloni kuongeza magunia."

Ukiitazama picha, si ajabu aliona hivyo. Desemba kipande cha dagaa kilikuwa asilimia 20 ya duara. Januari kimefika asilimia 25, robo kamili. Maharage nayo yametoka asilimia 30 hadi 35. Mchele peke yake umepungua, kutoka 50 hadi 40.

Mpwa anaanza na picha yenyewe. Mama aliipiga akiwa amesimama pembeni, simu ameiinamisha, kwa hiyo duara limekuwa na umbo la yai. Vipande vilivyo upande wa karibu na simu vinaonekana vipana kuliko vilivyo na vya mbali vinabanwa. Kuligundua hilo ni rahisi: pima kwa rula upana na urefu wa duara kwenye kioo cha simu. Vipimo visipolingana, macho yasiaminiwe. Zisomwe asilimia zilizoandikwa.

Lakini hata picha ingepigwa sawasawa, tatizo kubwa lingebaki palepale. Picha imekata maandishi yaliyokuwa chini ya kila duara, na hapo ndipo kijana alipoandika jumla ya mauzo: Desemba shilingi 6,000,000, Januari shilingi 4,000,000.

"Shangazi," mpwa anajibu, "duara zima ni asilimia 100 kila mwezi, uwe umeuza sana au umeuza kidogo. Kipande kinakuambia dagaa wamechukua fungu gani la mauzo ya mwezi huo. Hakikuambii umepata shilingi ngapi. Chukua jumla, zidisha kwa asilimia, ndipo ulinganishe."

Hesabu ni fupi. Asilimia 20 ya milioni sita ni shilingi 1,200,000. Asilimia 25 ya milioni nne ni shilingi 1,000,000. Kipande kimenenepa, lakini dagaa wameingiza shilingi 200,000 pungufu. Maharage yameshuka kutoka 1,800,000 hadi 1,400,000, ingawa kipande chake nacho kimekua. Mchele ndio ulioanguka vibaya, kutoka 3,000,000 hadi 1,600,000. Bidhaa zote tatu zimeshuka, na hakuna mahali kwenye yale maduara panapoonyesha hivyo.

Sababu mfanyabiashara yeyote anaijua. Desemba ni mwezi wa pilau la sikukuu. Januari ni mwezi wa ada na sare za shule. Mchele ulipojiondoa kwenye fungu lake kubwa, vipande vingine vililazimika kutanuka ili duara lijae. Dagaa hawakupanda: walishuka kidogo kuliko mchele. Hiyo nayo ni habari ya kweli na ina faida yake, maana inaonyesha bidhaa inayostahimili mwezi mgumu. Ila haitoshi kumfanya mtu aongeze magunia.

William Playfair, Mskoti anayetambuliwa kuwa wa kwanza kuchapisha chati za namna hii, mwaka 1801, alichora maduara yenye ukubwa tofauti kulingana na eneo la kila nchi. Kijana naye angeweza kufanya hivyo, lakini ni kazi inayohitaji uangalifu. Kama duara la Desemba lina kipenyo cha sentimita 12, la Januari linapaswa kuwa na karibu sentimita 10, kwa sababu kinacholingana na pesa ni eneo la duara. Akikosea akalipa sentimita 8, Januari itaonekana haifiki hata nusu ya Desemba. Akipatia, tofauti ya 12 na 10 ni ndogo mno kwa jicho la mtu aliye na haraka ya wateja.

Kwa swali la mama, yaani nini kimepanda na nini kimeshuka, nguzo zinafaa zaidi. Kila bidhaa ipewe nguzo mbili zilizosimama kwenye mstari mmoja, Desemba na Januari bega kwa bega, na urefu wa kila nguzo uwe shilingi zilizoingia. Jicho hulinganisha urefu vizuri kuliko pembe za vipande. Chati duara ibaki kwa swali moja tu: ndani ya mwezi huu, kila bidhaa imechukua fungu gani?

Na anayeipiga picha ahakikishe jumla iliyo chini ya duara haikatwi. Kwa duka hili, Februari si mwezi wa kuongeza magunia ya dagaa.