Mota ya Haidroliki: Hesabu ya Kufanya Kabla ya Kununua Nyingine

Mtambo wa kuchimba visima unapokwama kwenye mwamba, ushauri unaotolewa mara nyingi ni kununua mota kubwa zaidi ya haidroliki, ile inayoendeshwa na mafuta yenye presha kuzungusha bomba la kuchimbia. Ushauri huo unaweza kuwa sahihi, lakini una gharama isiyoonekana kwenye ankara: mota kubwa huongeza nguvu na kupunguza kasi. Hesabu fupi huonesha kiasi gani kinapatikana na kiasi gani kinapotea.

Vipimo vinavyohitajika ni vitatu. Cha kwanza ni ujazo wa mota, yaani kiasi cha mafuta kinachopita ndani yake inapozunguka mara moja. Cha pili ni mtiririko, ambao ni lita za mafuta zinazosukumwa na pampu kwa dakika. Cha tatu ni tofauti ya presha kati ya mafuta yanayoingia kwenye mota na yanayotoka.

Tuchukue mfano wa mtambo ambao mota yake huzungusha bomba moja kwa moja, bila gia. Ujazo wa mota ni sentimita za ujazo 400 kwa mzunguko, na pampu hutoa lita 60 kwa dakika. Geji ya upande wa kuingilia inasoma baa 170 na ya upande wa kutokea baa 10. Presha inayofanya kazi ni baa 160, si 170, kwa kuwa mafuta yanayotoka huizuia mota kwa baa 10.

Kasi hupatikana kwa kugawanya mtiririko kwa ujazo. Lita 60 ni sentimita za ujazo 60,000. Zikigawanywa kwa 400, jibu ni mizunguko 150 kwa dakika. Nguvu ya kuzungusha, ambayo mafundi huiita torki, hupatikana kwa kuzidisha presha kwa ujazo, kisha kugawanya kwa 62.8. Hivyo 160 mara 400 ni 64,000, na ikigawanywa kwa 62.8 jibu ni takriban Newton-mita 1,019. Namba 62.8 hutokana na mzunguko mmoja kamili, pamoja na kubadili vipimo vya baa na sentimita.

Majibu hayo ni ya mota isiyo na hasara. Katika hali halisi msuguano hupunguza torki, na mafuta yanayovuja ndani ya mota hupunguza kasi. Iwapo asilimia 90 ya torki na asilimia 95 ya kasi ndizo zinazobaki, bomba litapata takriban Newton-mita 917 na mizunguko 142 kwa dakika.

Mota ya sentimita za ujazo 500 ikifungwa mahali pa ile ya awali, huku pampu na presha zikibaki zilezile, torki itapanda hadi takriban Newton-mita 1,146. Kasi itashuka hadi mizunguko 114. Mtambo haujapata uwezo mpya, bali umebadilishana kasi kwa torki. Anayehitaji vyote viwili hana budi kuongeza mtiririko au presha, na injini inayoendesha pampu lazima iweze kubeba mzigo huo.

Ikumbukwe pia kuwa pampu hutoa mtiririko, na mzigo ndio unaopandisha presha. Kwenye udongo laini geji inaweza kusoma baa 70 tu, nayo si dalili ya ubovu. Kikomo cha presha huwekwa na valvu ya usalama. Kukaza valvu hiyo kupita kiwango cha mtengenezaji ili mtambo uende haraka ni kosa: kasi haiongezeki, uvujaji wa ndani huzidi, na mipira ya mafuta huweza kupasuka na kujeruhi watu.

Mota iliyochakaa hujitambulisha kwa kasi. Asubuhi mafuta yakiwa baridi huzunguka vizuri. Mafuta yakipata moto huwa mepesi, huvuja zaidi, na kasi hushuka mzigo unapoongezeka. Katika mota yenye bomba la kurudisha mafuta yaliyovuja ndani, fundi hupima kiasi kinachotoka humo kwa dakika moja. Lita 12 zikitoka kati ya 60, zilizobaki ni 48, na kasi haiwezi kuzidi mizunguko 120.

Hata hivyo, kabla ya kuilaumu mota, mtiririko wa pampu hupimwa kwanza mafuta yakiwa na moto na presha ya kazi. Pampu iliyochoka ikitoa lita 48 badala ya 60, mtambo utapungua kasi vilevile, na mota mpya haitabadilisha lolote.