Haki ya Kununua Hisa Isiyofaa Kutumiwa Mapema

Anayenunua opsheni ya kununua hapati hisa papo hapo. Anapata haki ya kuichukua baadaye kwa bei iliyokwisha kupangwa. Opsheni ikiwa ya mtindo wa Kimarekani, haki hiyo hutumika siku yoyote ya soko hadi mkataba uishe. Ya Kiulaya husubiri siku ya mwisho. Mtu angedhani uhuru huo una thamani kubwa. Hata hivyo, mwaka 1973, soko la opsheni la Chicago lilipofunguliwa, mchumi Robert Merton alionyesha kwamba kama hisa haitoi gawio, uhuru huo hauongezi hata senti moja.

Amazon iliingia sokoni mwaka 1997 na haijawahi kutoa gawio. Tuseme hisa yake inauzwa dola 200, na mwekezaji ana mkataba mmoja wa hisa 100 kwa bei ya dola 150, uliobakiza miezi sita. Akiutumia leo atalipa dola 15,000 na kupokea hisa za dola 20,000. Faida ya dola 5,000 mkononi inavutia kweli.

Lakini akisubiri, zile dola 15,000 zinabaki benki. Kwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka zitazaa takriban dola 300, na hisa atazipata kwa bei ileile. Tena bei ikianguka hadi dola 120, atauacha mkataba ufe na kununua sokoni kwa dola 12,000. Aliyeharakisha atakuwa amelipa dola 3,000 zaidi kwa hisa zilezile.

Je, akihofia kwamba bei itashuka? Hapo ndipo wengi hukosea. Dawa ya hofu hiyo ni kuiuza opsheni yenyewe, si kuitumia. Bei yake haiwezi kukaa chini ya dola 53 hivi kwa hisa, yaani dola 200 ukiondoa dola 147, kiasi ambacho kikiwekwa benki leo kitafika 150 baada ya miezi sita. Ikiuzwa dola 51, mjanja atainunua, atakopa hisa na kuiuza kwa 200, kisha ataweka benki dola 149 zinazobaki. Mwisho wa mkataba atakuwa na karibu dola 152, na hatahitaji zaidi ya 150 kuirudisha hisa aliyokopa. Wajanja wa aina hiyo huipandisha bei upesi.

Hoja hii ina mipaka yake. Gawio likikaribia, kuitumia opsheni siku moja kabla hisa haijaanza kuuzwa bila haki ya gawio kunaweza kufaa, kwa sababu mwenye opsheni hapati gawio. Opsheni ya kuuza nayo ni tofauti: kuitumia mapema huleta fedha mapema, na fedha hizo huanza kuzaa riba. Wafanyakazi wanaopewa opsheni na mwajiri kwa kawaida hawaruhusiwi kuziuza, kwa hiyo anayehitaji fedha hulazimika kuzitumia mapema na kupoteza thamani ya muda uliobaki.